Mashine Inavuma Wala Haizunguki: Kusoma Kibati Kwenye Picha Kabla ya Kuiunga na Soketi au Jenereta

Mwokaji mmoja wa Majengo, hapa Mombasa, alinunua mashine ya kukandia unga iliyokwisha kutumika ng'ambo, akitarajia kukandia mahamri na boflo bila kuajiri kijana wa pili. Mashine ilifika ikiwa imekatwa plagi yake. Mtu aliyeileta aliifungia plagi ya kawaida ya ampea 13, na ilipochomekwa ikavuma kwa sauti nzito, bakuli lisizunguke, na baada ya dakika moja kukawa na harufu ya rangi inayoungua. Walijaribu tena kwa jenereta ndogo ya petroli, nayo jenereta ikalemewa, taa za duka zikafifia, na mashine ikabaki palepale. Ndipo mama huyo akanitumia picha ya kibati cha mota kwa simu, pamoja na swali lake: "Fundi, kibati kimeandikwa 220 na soketi yangu ni 240. Tofauti ni ndogo. Mbona haizunguki?"

Kibati kilisomeka hivi:

```
MOT. 3~     50 Hz
1.5 kW      cos φ 0.79
Δ/Y         220/380 V
6.4/3.7 A   1400 r/min
```

Jibu lake liko katika mstari wa kwanza, wala si wa tatu alikoangalia yeye. Watu wengi husoma volti kwanza kwa sababu ndiyo namba wanayoifahamu, hali utaratibu ulio salama ni kuanza na fezi, yaani nyaya zinazoleta umeme wa moto, kisha volti, na mwisho wati. Nitaufuata utaratibu huo kwa kutumia mashine hii hii, kwa kuwa karibu kila kosa linaloweza kufanywa na kibati lilikuwa limefanywa juu yake.

Kwanza picha yenyewe isomeke

Kibati cha mashine ya jikoni huwa na mafuta na vumbi la unga, na picha iliyopigwa kwa mwanga wa simu hung'aa katikati, mahali hasa penye namba. Chomoa mashine, futa kibati kwa kitambaa kikavu, zima mwanga wa simu, simama mkabala na kibati badala ya pembeni, na upige picha mbili au tatu. Angalia pia kama kuna vibati viwili. Mashine kubwa huwa na kibati cha mashine nzima mgongoni, na kingine cha mota chini ya kifuniko. Kile cha mgongoni hueleza jinsi mashine ilivyofungwa ilipotoka kiwandani, na kile cha mota hueleza yote ambayo mota inaweza kukubali. Unahitaji picha za vyote viwili, na vikitofautiana, tofauti hiyo ni habari muhimu, si kosa la uchapaji.

Katika picha ya kwanza niliyopokea, nukta ya 3.7 haikuonekana, hivyo mstari ule ulisomeka kama ampea 37. Hapo ndipo panapodhihirika uzuri wa kibati: namba zake hujithibitisha zenyewe kwa zenyewe. Kwa mota ya fezi tatu, umeme unaoingia ni 1.732 mara volti mara ampea mara cos φ, ambayo ni sehemu ya mkondo inayofanya kazi halisi:

```
1.732 × 380 × 3.7 × 0.79 ≈ 1920 W
1.732 × 380 × 37  × 0.79 ≈ 19200 W
```

Mota ya kilowati 1.5 haiwezi kumeza kilowati 19, kwa hiyo nukta ilikuwepo. Hesabu hii hii humsaidia mtu asiye na uhakika kama tarakimu ni 3 au 8, au ni 1 au 7. Namba isiyoendana na wenzake ndiyo iliyosomwa vibaya, na picha nyingine iombwe kabla ya waya wowote kuguswa.

Dalili: mashine inavuma, haizunguki, na fyuzi haikatiki

Alama 3~ kwenye kibati maana yake ni kwamba mota inahitaji fezi tatu. Mahali pake huweza kuandikwa 3Ph au 3 PHASE. Ya fezi moja huandikwa 1~ au 1Ph, na vyombo vingi vya nyumbani huweka alama ~ peke yake baada ya volti. Soketi ya ukutani hapa Kenya hutoa fezi moja na nyutro, yaani volti 240. Nguvu inayozungusha mota ya fezi tatu hutokana na kupishana kwa fezi hizo. Ukiipa fezi moja, sumaku ndani yake hupanda na kushuka mahali pamoja bila kuzunguka, na mota husimama ikitetemeka. Huo ndio mvumo uliosikika Majengo.

Swali la pili la mama lilikuwa la haki kabisa: kama kulikuwa na hatari, mbona fyuzi ya plagi haikukatika? Nilipopata picha ya ndani ya kisanduku cha nyaya, niliona mota ilikuwa imefungwa kwa muungo wa nyota, yaani ncha moja ya kila koili kati ya tatu zinakutana mahali pamoja, muungo uliokusudiwa volti 380. Kwa muungo huo, volti 240 za fezi moja huvuta takriban ampea 12 mota ikiwa imesimama. Fyuzi ya ampea 13 haina sababu ya kukatika kwa ampea 12. Lakini koili zile zimetengenezwa kubeba ampea 3.7, na joto hupanda kwa mraba wa ampea, kwa hiyo mkondo uliozidi mara tatu huleta joto la mara tisa hivi, tena feni ya mota ikiwa haizunguki kuipoza. Fyuzi ya plagi imewekwa kulinda waya. Mtu asiitegemee kulinda mota.

Ikiwa mashine yako inaonyesha dalili hii, izime mara moja, wala usijaribu kuizungusha bakuli kwa mkono ili "ianze". Mota huweza kweli kuanza ikisukumwa, na itaendelea kuungua polepole huku ikionekana kufanya kazi. Yule mwokaji aliizima mapema, na fundi alipopima koili tatu kwa mita alikuta zinalingana, na hakuna iliyogusana na mwili wa mota. Aliponea.

Dalili: volti zinaonekana kulingana, lakini mota inaungua au haina nguvu

Sasa turudi kwenye 220/380, kwa maana maandishi haya ndiyo yanayopotosha watu kuliko yote. Wengi huyasoma kama ruhusa: "Inakubali 220 na inakubali 380." Maana yake halisi ni kwamba kila koili ya mota hii hustahimili volti 220. Ukizifunga koili tatu kwa muungo wa pembetatu, alama Δ, uipe fezi tatu zenye volti 220 kati ya fezi na fezi. Ukizifunga kwa nyota, alama Y, uipe fezi tatu zenye volti 380. Katika hali zote mbili fezi ni tatu. Hakuna mahali kibati hiki kinapozungumzia soketi ya ukutani.

Umeme wa fezi tatu wa Kenya Power ni volti 415 kati ya fezi na fezi. Mota hii basi hapa kwetu hufungwa kwa nyota. Volti 415 ni zaidi ya 380 kwa asilimia 9, jambo ambalo mota nyingi hulistahimili, ingawa zitakuwa na joto zaidi kuliko zilivyokusudiwa, hasa katika jiko la kuokea ambalo tayari ni moto. Kinachoua mota ni mtu kuifunga kwa pembetatu kwenye volti 415. Koili ya volti 220 hupokea 415, karibu maradufu, na moshi hutoka kabla unga haujalowa.

Kosa la upande wa pili halina moshi wa haraka, na kwa hiyo huchukua muda kugunduliwa. Mota iliyofungwa kwa nyota ikipewa fezi tatu za volti 220 hupata takriban volti 127 kwa kila koili, na nguvu yake ya kuzungusha hushuka hadi theluthi. Bakuli tupu litazunguka vizuri na kila mtu atafurahi. Unga wa mahamri ukishakaza, mashine inasimama, inavuma na kupata joto. Mwenyewe atalaumu mkanda au gia, na pengine atanunua mkanda mpya bila faida.

Muungo hutambulikana kwa macho. Ndani ya kisanduku kuna skrubu sita katika safu mbili, na viunganishi vidogo vya shaba. Viunganishi vikilala, vikishika skrubu tatu za safu moja pamoja, ni nyota. Vikisimama vitatu sambamba, kila kimoja kikiunganisha skrubu ya juu na ya chini, ni pembetatu. Kifuniko kifunguliwe umeme ukiwa umekatwa, na kazi ya kubadilisha muungo aifanye fundi mwenye leseni ya EPRA, ambaye pia atahakikisha waya wa ardhi umeshika mwili wa mashine. Jikoni mna maji sakafuni, na mwili wa mashine ni chuma.

Wapo watakaokuta kibati kimeandikwa 380/660 au 400/690. Hiyo ni mota tofauti: koili zake ni za volti 380 au 400, na kwa umeme wetu hufungwa kwa pembetatu. Kwa hiyo kanuni ya "hapa Kenya tunafunga nyota", ambayo nimeisikia ikisemwa kama sheria, si sahihi bila kusoma kibati cha mota iliyoko mbele yako.

Dalili: jenereta ina wati za kutosha kwa namba, lakini inalemewa

Jenereta ya mwokaji ilikuwa na maandishi makubwa ubavuni, 3.0 kW, na yeye alihesabu hivi: mashine 1.5, jenereta 3.0, imebaki nusu. Picha ya kibati cha jenereta ilionyesha mambo mengine: kilowati 3.0 ni kilele chake kwa muda mfupi, kilowati 2.8 ndicho kiwango cha kudumu, volti 220, na fezi moja. Lile la fezi moja lilikwisha kumaliza mjadala. Hata hivyo hesabu yake ya wati yafaa kusahihishwa, kwa sababu anayenunua jenereta ya fezi tatu atairudia.

Kilowati zilizoandikwa kwenye kibati cha mota ni kazi inayotoka kwenye shafti. Umeme unaoingia ni zaidi, kama tulivyohesabu: wati 1920 hivi. Tofauti hiyo ya wati 420 hugeuka joto. Katika vyombo vya nyumbani, kama pasi au birika, wati zilizoandikwa ni zile zinazoingia, na hapo mtu anaweza kuzilinganisha moja kwa moja na soketi. Ndiyo sababu mtu aliyezoea birika hukosea akifika kwenye mota.

Jambo la pili ni kwamba jenereta hubeba mkondo wote wa mota, hata ile sehemu isiyofanya kazi, na ndiyo sababu hapa cos φ haiingii. Volti 380 mara ampea 3.7 mara 1.732 ni takriban 2435, yaani 2.4 kVA. Kibati cha jenereta kikiandikwa kVA, linganisha na namba hii. Kikiandikwa kW kwa jenereta ya fezi tatu, kwa kawaida namba hiyo ni asilimia 80 ya kVA zake.

La tatu, na ndilo zito zaidi, ni mwanzo. Mota ya namna hii ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara tano hadi saba ya ampea za kibati, kwa sekunde moja au chache, kabla ya kushika kasi. Tukichukua mara sita, ampea 3.7 huwa 22. Jenereta ya fezi tatu ya 5 kVA, kwa volti 400, imekusudiwa ampea 7 kwa kila fezi. Mota ikidai 22, volti za jenereta huporomoka, na volti zikiporomoka mota hukosa nguvu ya kuanza, nayo huzidi kudai. Dalili yake haifanani na ile ya soketi: injini ya jenereta hunguruma na kushuka kasi, taa hufifia, mota hujikokota bila kufika kasi yake, kisha breka hukata. Kwa mashine hii mimi husema 7.5 kVA, na bado mtu awashe kwa mwendo mdogo, kabla unga haujakaza. Ya 5 kVA huenda ikaianzisha bakuli likiwa tupu, lakini siku umeme unapokatika katikati ya kukanda unga wa Ramadhani, unga umo ndani tayari, na hapo ndipo itakapokataa.

Mwokaji afanyeje, akiwa na fezi moja tu dukani

Njia iliyo nyoofu ni kuomba umeme wa fezi tatu kutoka Kenya Power, ikiwa laini yake inapita karibu, kisha mota ibaki na muungo wake wa nyota. Aliyepanga chumba hawezi kuamua hilo peke yake bila mwenye nyumba.

Njia ya pili ni kidhibiti cha mota, ambacho mafundi wengi hukiita inverta, kinachopokea fezi moja ya volti 240 na kutoa fezi tatu za volti zisizozidi zile zilizoingia. Hapa ndipo 220/380 inapogeuka kuwa bahati: mota hubadilishwa muungo kuwa pembetatu, hupata volti 220 inazozitaka, na hutumia ampea 6.4 za mstari wa nne. Kidhibiti hupandisha kasi polepole, kwa hiyo ule mkondo mkubwa wa mwanzo haupo tena. Angekuwa amenunua mota ya 380/660, kidhibiti cha kawaida cha aina hii kisingemfaa. Kipo kikwazo kimoja: kidhibiti cha kilowati 1.5 chenye fezi moja huweza kuvuta ampea 14 au zaidi mota ikiwa na mzigo kamili, kwa kuwa mkondo wake huingia kwa vipigo vifupi vikali. Hiyo ni zaidi ya soketi ya ampea 13. Kifungiwe waya wake chenyewe kutoka kwenye breka yake chenyewe. Kwa jenereta yake ya kilowati 2.8, yenye takriban ampea 12.7 kwa volti 220, hakitoshi kwa mzigo kamili. Kitaweza kukanda unga kidogo, na hicho ndicho kiasi ninachoweza kuahidi.

Njia ya tatu ni kubadilisha mota iwe ya fezi moja yenye kapasita. Itazunguka kwa soketi, ikivuta ampea 9 au 10, lakini kuanza kwake ni kuzito, na ile jenereta haitaiamsha. Mama alichagua kidhibiti kwa umeme wa laini, na jenereta akaiachia taa na friji.

Dalili: ilikuwa ikifanya kazi vizuri kwa fezi tatu, leo inavuma

Mota iliyofungwa vizuri ikianza ghafla kuvuma bila kuzunguka, mara nyingi fezi moja imepotea. Fyuzi moja kati ya tatu imekatika, au skrubu imelegea, au hewa ya chumvi ya pwani imekula mguso wa swichi hadi ukawa kijani. Kwa mashine zilizo karibu na bahari, kama zile za barafu za wavuvi, hili la mwisho ndilo ninaloanza nalo. Fundi hupima volti kati ya fezi na fezi, jozi zote tatu, kwenye skrubu za mota yenyewe huku swichi ikiwa imewashwa, kwa sababu swichi iliyoliwa na kutu huonyesha volti kamili upande wa kuingia. Jozi zote zisome karibu 415. Ikiwa fezi imepotea mota ikiwa katika mwendo, itaendelea kuzunguka kwa kazi nyepesi huku fezi mbili zilizobaki zikibeba mzigo wote, na ndiyo sababu kila mota ya fezi tatu inapaswa kuwa na kilinzi cha mzigo kilichowekwa kwenye ampea za kibati. Kwa mota hii ni 3.7 ikiwa ni nyota kwenye laini ya fezi tatu. Kwa kidhibiti, ampea 6.4 huingizwa ndani ya kidhibiti chenyewe, ambacho ndicho kinachoilinda mota.

Na kama mota inazunguka kwa nguvu zake zote lakini bakuli linageuka kinyume cha mshale uliochorwa, fezi mbili zimepishana. Fundi hubadilishana nyaya mbili zozote kati ya zile tatu, umeme ukiwa umekatwa, na mwelekeo hurekebika.